Ridhaa si ruhusa: maneno ya kufungua klabu yetu ya video

Wanangu, walimu wenzangu, nanyi wazazi mliokuja, karibuni. Klabu hii ni ya kujifunza kusimulia maisha ya shule kwa picha na sauti. Sheria zake zimebandikwa mlangoni, mtazisoma. Mimi nina ugomvi na neno moja.

Wiki hii nimelisikia mara nne: "Mwalimu mkuu ametupa ridhaa turekodi foleni ya uji." Jamani, sikutoa ridhaa. Nilitoa ruhusa.

Ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukijua unakubali nini. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, ila nasaba zao ni mbali. Ruhusa imetoka shina moja na rahisi. Ndani yake mna kulegeza: mwenye mamlaka anaondoa kizuizi. Ndivyo nilivyofanya nilipowaachia mtoke na kamera saa nne. Ridhaa ni ndugu wa radhi, kuridhika na maridhiano, na hao wote wanakaa moyoni mwa mtu. Ruhusa yangu iliwafikisha kwenye foleni, lakini sura za waliosimama pale si mali yangu.

Nimeitazama video yenyewe. Kuna kijana wa darasa la nne anaiona kamera, anainua kikombe kuficha uso. Mpiga picha akazidi kumsogelea. Nilipouliza, nikajibiwa, "Lakini hakukataa, mwalimu." Kumbe kile kikombe kilikuwa nini? Tena kimeandikwa jina lake kwa kalamu nene, na beji ya shule iko kifuani. Uso umefichika, na bado mgeni anajua ni nani na anasoma wapi. Mngesimama nyuma ya foleni, mkarekodi mvuke wa sufuria na mikono ya mpishi, habari ingekuwa ileile.

Kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila hiyo ridhaa. Kwa hiyo fomu itakwenda nyumbani, na itaeleza video ni ya nini na itaonyeshwa wapi. Sahihi ya "picha zote za mwaka" siipokei, maana mzazi hajui anakubali nini. Na mzazi akishatia sahihi, mtoto akigeuza uso, kamera inashuka. Akija kesho kusema amebadili nia, tunamkata kwenye video. Ridhaa huondolewa wakati wowote.

Basi kesho mkifika jikoni, msimwambie mpishi, "Mwalimu mkuu amekubali." Mwambieni, "Shikamoo mama, tumeruhusiwa kufika hapa. Je, wewe uko radhi?" Kisha mngoje ajibu kabla ya kuwasha kamera.