“Biashara zangu” haitoshi kwenye barua ya benki

“Benki wanataka barua ya chanzo cha pesa nilizoweka. Ni halali, sijaiba. Si nikiandika ‘ni za biashara zangu’ inatosha?”

Haitoshi, kwa sababu anayesoma barua hakuulizi kama wewe ni mwaminifu. Anataka kuifuata pesa kutoka ilikotoka hadi kaunta, na abaki na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi.

Chukua mtu wa Morogoro aliyeuza kiwanja kwa shilingi 60,000,000 taslimu, kisha akaweka 55,000,000. Mkataba wa mauziano unasema 60, stakabadhi ya benki inasema 55. Hapo kwenye tofauti ndipo maswali huanzia, na wengi hawaigusi kabisa. Barua yake iseme hivi:

“Tarehe 4 Machi niliuza kiwanja changu kwa shilingi 60,000,000. Nilimlipa dalali 3,000,000 na kodi 2,000,000. Zilizobaki, 55,000,000, niliziweka tarehe 7 Machi. Kwa siku tatu hizo pesa zilikuwa nyumbani nikisubiri kukamilisha kodi.”

Aambatanishe nakala ya mkataba, hati ya kiwanja, risiti ya dalali na ya TRA. Jina kwenye hati likiwa la marehemu baba, aongeze barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Bila hiyo, mkataba hauonyeshi kwamba alikuwa na haki ya kuuza.

Na tafadhali, usizigawe pesa vipande vidogo ili usiulizwe. Mgawanyo huo wenyewe huwatia benki shaka.