Uso kuwaka ukiacha krimu si ushahidi kwamba unaihitaji

Jana nimeambiwa tena: "Daktari, ngozi yangu imeshaizoea hii krimu ya kung'arisha. Nikiacha, uso unawaka, nikipaka, unatulia. Si ndiyo dawa yake?" Nimechoka kulisikia hili, kwa sababu anayeliamini haachi kamwe.

Aliyesema ni mama wa duka hapa Kampala. Kwa miaka miwili amejipaka usoni tyubu ya gramu 30 kila baada ya wiki mbili, na mwilini anapaka mkorogo aliouziwa kwenye kopo lisilo na lebo. Kwenye tyubu, kwa herufi ndogo, pameandikwa clobetasol propionate 0.05%. Hiyo ni stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, tena ya daraja la juu kabisa la nguvu. Sisi huiandika kwa sehemu ndogo ya ngozi, wiki mbili basi, na usoni tunaiepuka. Ukiona betamethasone dipropionate, tahadhari ni ileile.

Stiroidi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza utengenezaji wa rangi, ndiyo maana uso hung'aa mapema. Wakati huohuo inaikonda ngozi. Ukiacha, mishipa iliyobanwa muda mrefu hupanuka kupita kiasi, na juu yake ngozi imebaki nyembamba: uso unakuwa mwekundu, unachoma, vipele vinatoka kuzunguka mdomo. Ukipaka tena, mishipa inabanwa na unapata nafuu. Nafuu hiyo imetoka kwa kitu kilekile kilichokuumiza. Mama huyu ana vinyweleo mashavuni na mishipa inayoonekana kama nyuzi. Hiyo haiji kwa mazoea.

Zebaki, ambayo nayo hutiwa kwenye krimu za kung'arisha, ni habari nyingine. Kwenye lebo tafuta mercury, calomel, mercurous chloride au ammoniated mercury. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini nalo linatosha kuiacha. Zebaki huumiza figo: mkojo unatoa povu, miguu na uso vinavimba. Mtoto anaipata kupitia taulo na shuka. Na lebo safi haithibitishi kitu, maana wapo wasioandika walichotia.

Kuhusu kuacha, wenzangu wengine husitisha mara moja, wengine hushusha kwa stiroidi dhaifu. Nimeona njia zote mbili zikifaulu na kushindwa, na usoni bado nasitasita. Kwa aliyepaka mwili mzima kwa miezi sisitasiti: asiache ghafla peke yake. Tezi za juu ya figo, zinazotengeneza stiroidi ya mwili wenyewe, huenda zimelala, na akiacha anaweza kulegea, kutapika, hata kuzimia. Huyo anahitaji kupimwa kwanza.

Mama wa duka anarudi Jumatano. Nimemwomba alete lile kopo, na aje na mtoto anayelala naye kitanda kimoja, nipime protini kwenye mkojo wa wote wawili nione kama figo zimeumia.