Mzunguko wa kudizaini databesi, kuanzia mahitaji mpaka matunzo (hendauti ya wiki ya tatu)

Haya vijana wangu, wengi mliniuliza baada ya kipindi huu mzunguko ni nini hasa, mbona tunachora tena na tena wakati mtu anaweza kufungua kompyuta akatengeneza tebo siku hiyohiyo. Mzunguko ni safari ya databesi toka mnauliza watu wanataka nini, mnachora picha ya vitu na mahusiano yake, mnaigeuza picha kuwa tebo, mnachagua aina za data na indeksi, mnaijenga, mnaijaribu, inatumika, halafu mnaitunza. Umeitwa mzunguko kwa sababu kwenye matunzo mara nyingi unajikuta umerudi kule kwenye maswali ya mwanzo. Hebu tuufuate kwa kitu kimoja tu, nahodha.

Tuseme mmeombwa databesi ya mnada wa samaki pale Sahare, hapahapa Tanga. Mmeshuka asubuhi vyombo vinaingia, dalali ananadi tenga la changu, mchuuzi anachukua, karani anaandika kwenye daftari: tarehe, chombo, nahodha, samaki gani, bei, nani kanunua. Mnamuuliza karani, kila chombo kina nahodha mmoja? Anajibu ndiyo, na hadanganyi, maana leo asubuhi ngalawa namba 14 ina nahodha mmoja tu, Juma. Ila swali lenu lilikuwa nusu. Lilitakiwa liendelee: na mwaka mzima je, ni yuleyule? Hapo angewaambia manahodha wanahama, huyu kagombana na tajiri wa chombo, yule kapata boti yenye injini, yaani hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Kwenye kuchora tunatumia mchoro wa vitu na mahusiano, alioutoa Peter Chen mwaka 1976. Kwa jibu lile la nusu mtachora chombo kimoja nahodha mmoja, na mkija kwenye tebo, za mtindo aliouanzisha Edgar Codd mwaka 1970, nahodha anakuwa kolamu tu ndani ya tebo ya chombo. Mnajenga, mnajaribu kwa data ya siku mbili, kila kitu kinakubali. Mwalimu asipokuwa makini anawapa maksi zote.

Sasa angalieni. Januari ngalawa 14 imeuza samaki wa shilingi 1,200,000 chini ya Juma. Machi mosi Juma anahama anaingia Hamisi, karani anabadilisha ile kolamu, jina la Juma linafutika. Tajiri akiomba ripoti ya Januari kwa ajili ya mgao, databesi inamwambia Hamisi kauza 1,200,000 na Juma sifuri! Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, hakuna onyo, na ndo maana kosa hili linaishi muda mrefu. Njia ya kulinasa ni hii: chapa ripoti ya mwezi uliokwisha kufungwa, iweke, badilisha nahodha, chapa tena. Namba za mwezi uliopita zikicheza, dizaini ina tundu. Fanyeni hivyo kwenye hatua ya majaribio, msingoje tajiri awaambie.

Dawa yake ni kuutoa unahodha uwe tebo yake yenyewe, yenye tarehe:

```sql
CREATE TABLE unahodha (
  chombo_id  INTEGER NOT NULL REFERENCES chombo(id),
  nahodha_id INTEGER NOT NULL REFERENCES nahodha(id),
  tangu      DATE NOT NULL,
  hadi       DATE,
  PRIMARY KEY (chombo_id, tangu)
);
```

Juma anakaa na `tangu` yake na `hadi` ya Machi mosi, Hamisi anaanza Machi mosi na `hadi` iko tupu kwa sababu bado yupo. Ripoti inachukua nahodha ambaye tarehe ya mauzo iko sawa na `tangu` yake au baada yake, na kabla ya `hadi` kama ipo. Ila mjue ufunguo huu wa `PRIMARY KEY` unazuia tu manahodha wawili kuanza siku moja kwenye chombo kimoja, hauzuii vipindi kupandana, kwa hiyo hilo mlikague wenyewe.

Mngeuliza vizuri mwanzoni, tebo hii ingegharimu mstari mmoja kwenye mchoro. Mkiigundua kwenye matunzo mnachukua bakapu kwanza, mnajenga tebo mpya, mnahamisha data, mnarekebisha kila ripoti inayosoma ile kolamu ya zamani, na kolamu yenyewe mnaiacha mpaka mhakikishe hakuna kinachoigusa ndo mnaifuta. Na historia ya Juma haimo tena ndani ya databesi, itabidi mrudi Sahare mumwombe karani lile daftari la Januari, au mtafute bakapu ya kabla ya Machi, mjaze tarehe moja moja kwa mkono.