Kuanza na kuaga katika barua za Kifaransa: dhana potofu na ukweli

Mfaransa akifungua barua ya mtu asiyemjua, mstari wa kwanza na wa mwisho humweleza mapema mwandishi anamchukuliaje: kama mkubwa wake, mwenzake, au mtu wa mbali. Ndiyo maana inaniuma kuona maombi mazuri ya masomo au kazi, yenye vyeti safi na hoja zilizopangwa, yakianza kwa ukaribu usiokuwepo na kuisha kwa fomula ambayo bosi humwandikia mtu wa chini yake. Wengi wetu tumekariri fomula moja au mbili, tukaambiwa zinafaa kwa kila mtu. Dhana zilizo hapa chini ndizo zinazojirudia zaidi.

Dhana: adabu ni kuanza na "Cher Monsieur", kisha jina lake

Tuliosoma Tanzania, Kenya au Uganda tumeitoa hii kwenye barua za Kiingereza, ambako neno la upendo huwekwa mwanzoni hata ukimwandikia meneja wa benki ambaye hujawahi kumwona. Kifaransa hakiko hivyo. "Cher" na "Chère" hutangaza kwamba mnafahamiana: mmeshakutana, mmeshaandikiana, au mko daraja moja kazini. Ukimwandikia hivyo mkubwa usiyemjua, unaonekana umejikaribisha mwenyewe sebuleni kwake.

Mwanzo wenye heshima ni mfupi mno, na ufupi huo huwatia watu wasiwasi bure. Andika "Monsieur," au "Madame," kisha koma, halafu uanze aya mpya. Kama hujui ni nani atakayesoma, andika "Madame, Monsieur,". Jina la ukoo haliongezi heshima. Katika barua rasmi, "Monsieur Dupont," husikika kama mtu anayeitwa dirishani kwa karani, na wenye kufuata adabu ya zamani hawalipendi jina hilo hata baada ya "Cher". Kwenye baruapepe mambo yamelegea: "Bonjour Monsieur Dupont," huandikwa maofisini kila siku na hakuna anayekasirika. Ila usifupishe "Monsieur" wala "Madame" unapomwita mtu mwanzoni mwa barua.

Mwenye wadhifa huitwa kwa wadhifa wake: "Monsieur le Maire," kwa meya, "Madame la Directrice," kwa mkurugenzi, "Monsieur l'Ambassadeur," kwa balozi. Wakili huitwa "Maître," na daktari wa tiba "Docteur,". Hapa watu wa kwetu huteleza kwa sababu tunaithamini sana ile "Dkt." ya msomi. Nchini Ufaransa mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu huandikiwa "Madame," au "Monsieur," tu, kwa kuwa "Docteur" huwapeleka mawazo hospitalini. Na ukiona kwenye tovuti ya chuo kwamba mtu ni "maître de conférences", hicho ni cheo cha mhadhiri. Usimwite "Maître", maana utakuwa umemgeuza wakili.

Kuhusu "Mademoiselle", liache. Waraka wa Waziri Mkuu François Fillon wa tarehe 21 Februari 2012 uliagiza neno hilo liondolewe kwenye fomu na barua za serikali. Mwanamke yeyote mtu mzima, ameolewa au hajaolewa, ni "Madame".

Dhana: fomula ndefu ya kuaga ni pambo, yoyote inafaa

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa, kwa sababu fomula hizo zinafanana sana kwa jicho la mgeni. Tuichukue moja tuivunje vipande: "Je vous prie d'agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes sentiments respectueux." Ina sehemu nne, na kila sehemu ina daraja lake.

Kwanza kitenzi. "Recevez, Monsieur," ni amri tupu. Aliye juu anaweza kumwandikia aliye chini hivyo, lakini kinyume chake ni utovu wa adabu. "Veuillez agréer" imelainishwa, nayo ni ya kawaida kati ya watu wasio na deni la heshima kubwa: mteja na kampuni, mpangaji na wakala wa nyumba. "Je vous prie d'agréer" ndiyo ya kumwandikia mkubwa, kwa kuwa hapo mwandishi mwenyewe ndiye anayeomba.

Pili ni jina la kumwita katikati ya koma mbili. Lazima lifanane na ulivyoanza, neno kwa neno. Ukianza "Madame la Directrice," ukaaga "Madame", umemvua cheo njiani. Ukianza "Madame, Monsieur," rudia vyote viwili. Kosa hili ni rahisi kuligundua: kabla ya kutuma, soma mstari wa kwanza na wa mwisho peke yake, ukiruka vyote vya katikati.

Tatu ni "l'expression de" au "l'assurance de". Kwa desturi, mdogo humpelekea mkubwa "l'expression", na mkubwa au mtu wa daraja sawa ndiye anayetoa "l'assurance". Mwombaji kazi anayemalizia kwa "l'assurance de ma considération" anajipandisha juu ya anayemwomba.

Nne ni kile unachokipeleka. "Salutations distinguées" ni baridi na haina upande, ndiyo maana benki na mashirika huipenda. "Sentiments respectueux" humtazama aliye juu. "Haute considération" hutunzwa kwa mawaziri, mabalozi, wakuu wa mikoa na wenye madaraka ya namna hiyo. Wanaochunga lugha huongeza jambo moja: hisia huelezwa, salamu hutolewa. Kwa hiyo ni "l'expression de mes sentiments" au "mes salutations" bila "l'expression de". Utaiona "l'expression de mes salutations distinguées" kila mahali, hata kwenye barua za Wafaransa wenyewe, lakini kama barua yako inakwenda kwa mtu anayejali lugha, iepuke.

Kuna na suala la mwanamume na mwanamke. Adabu ya zamani haipendi "sentiments" ziende kati ya mwanamke na mwanamume wasio na uhusiano, na "hommages" ni za mwanamume kwenda kwa mwanamke tu. Leo wengi hawajali sana, lakini ukibaki na "salutations" hutagusa mtego wowote. Ndugu zetu wa Kongo wana la kuangalia zaidi hapo. Barua za kiserikali za kwao huweza kumwita gavana "Excellence Monsieur le Gouverneur" na kumpelekea "hommages" hata akiwa mwanamume. Nyumbani hiyo ni heshima kamili na haina kosa. Ikifika Ufaransa, kwa ofisa wa kawaida wa chuo, itaonekana nzito kupita kiasi.

Dhana: "Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer…" ni Kifaransa sanifu

Imeenea sana, na bado ni kosa la sarufi. Anayesubiri jibu ni wewe, lakini "veuillez" inamwelekea msomaji, kwa hiyo sentensi inasema kwamba msomaji ndiye anayesubiri jibu lake mwenyewe. Weka nafsi yako na sentensi itakaa sawa: "Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer…"

Dhana: kwenye baruapepe, "Cordialement" inamfaa kila mtu

Kati ya wenzako kazini, au na karani uliyeanza kuandikiana naye, haina tatizo. Kwa mara ya kwanza, kwa mtu aliye juu yako, ni kavu, hasa ukijua kwamba watu wengi wameiweka kwenye saini inayojiandika yenyewe. Kifupi chake, "Cdt," usikitume kwa mtu unayemheshimu. "Bien à vous" ni ya watu wa daraja sawa wenye ukaribu kidogo, "Amicalement" ni ya urafiki, na "Bises" ni ya wanaopigana busu shavuni wakikutana. "Sincèrement" peke yake inanuka Kiingereza.

Kushuka na kupanda kwa maneno haya pia ni ujumbe. Mtu aliyekuwa akikuandikia "Bien cordialement" akaja na "Cordialement", na baadaye "Salutations distinguées", huenda amekasirika, hata kama mwili wa barua umetulia.

Tuone mfano mmoja kwa karibu. Binti wa Kigoma anaomba nafasi ya shahada ya uzamili, na anamwandikia mhadhiri anayesimamia programu hiyo. Hawajawahi kuwasiliana. Baruapepe ya kwanza inaanza na kuisha hivi:

> Madame,
>
> […]
>
> Je vous remercie de l'attention que vous porterez à ma demande et vous prie d'agréer, Madame, mes respectueuses salutations.

Hakuna "Chère", hakuna jina, hakuna "Docteur". "Madame" imerudi katikati ya koma mbili, anayeshukuru na anayeomba ni mtu mmoja, na salamu zimetolewa bila "l'expression de". Kwa kuwa ni baruapepe, hakuhitaji fomula ndefu zaidi ya hiyo.

Baada ya siku chache mhadhiri anajibu: "Bonjour," kisha mistari mitatu, kisha "Cordialement," na jina lake kamili. Wengine hapo huhisi wamedharauliwa. Hakuna dharau. Aliye juu ana haki ya kufupisha, na kwa kufupisha amefungua mlango. Jibu la binti sasa linaweza kuanza "Bonjour Madame," na kuisha "Bien cordialement,", au "Respectueusement," akitaka kubaki ngazi moja juu kwa heshima. Akirudia fomula yake ya kwanza hatakosea, ila ataonekana amekataa kukaribia. Akianza na "Bonjour," tupu kama mhadhiri alivyofanya, amejilinganisha naye.

Hatua inayofuata pia ni ya mhadhiri. Akiandika "Chère" na jina la kwanza la binti, binti anaweza kupanda hadi "Chère Madame,", lakini hilo bado si ruhusa ya kumwita mhadhiri kwa jina lake la kwanza. Ruhusa hiyo huja pale mhadhiri mwenyewe anaposaini kwa jina la kwanza tu. Hata hapo "vous" inabaki: Wafaransa wengi huitana kwa majina ya kwanza kazini huku wakiendelea na "vous", na "tu" husubiri hadi mkubwa aipendekeze.