Barua ya ruhusa kwa matroni: andika nani anamchukua mtoto

Barua nyingi zinazofika mabwenini hueleza msiba kirefu na kusahau jambo ambalo matroni analihitaji kuliko yote: nani anasimama getini kumchukua mtoto, na lini anamrudisha.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma bweni Dodoma mjini, kwao Kondoa. Bibi yake amefariki usiku. Baba yuko kwenye maandalizi ya mazishi, hivyo anamtuma baba mdogo. Barua ya kutosha ni hii:

"Kwa Matroni, kupitia kwa Mkuu wa Shule. YAH: RUHUSA YA MWANAFUNZI (jina kamili, kidato, bweni). Naomba mwanangu aruhusiwe kuja nyumbani Kondoa kwa mazishi ya bibi yake, mama yangu mzazi. Atachukuliwa leo Alhamisi na mdogo wangu (jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu). Atarudi Jumapili kabla ya saa kumi jioni, akisindikizwa na huyo huyo. Mimi baba yake (jina, sahihi, simu)."

Basi. Chanzo cha kifo, ugomvi wa ukoo au ugonjwa wa mama si vya kuandikwa hapo, kwani karatasi hiyo hupita mikono mingi kabla ya kufika bwenini. Kama kuna jambo zito, mpigie simu mwalimu wa malezi.

Kwa upande wa matroni, barua haitoshi peke yake, hata ikiwa na mhuri wa serikali ya mtaa. Mhuri unathibitisha kwamba mtu anafahamika mtaani kwao. Hausemi kwamba baba wa mtoto amemtuma. Apige simu kwa mzazi, na namba aitoe kwenye fomu ya kujiunga iliyo kwenye jalada la mwanafunzi. Namba iliyoandikwa kwenye barua inaweza kuwa ya aliyeighushi, naye ataitika vizuri tu, "Ndiyo, mimi ndiye baba." Kisha alinganishe kitambulisho na uso wa aliyekuja, na amuulize mtoto wakiwa wawili tu: "Huyu ni nani kwako?" Mtoto akisita au akijibu huku anatazama chini, asitoke kwanza, hata kama mjumbe anang'aka kwamba wanachelewa basi.

Hapa ndipo wazazi hukasirika, na nawaelewa, maana maiti haisubiri simu ya mtu. Dawa yake ni kumwandikisha baba mdogo au shangazi kwenye fomu tangu siku ya kuripoti, pamoja na picha yake.

Mkuu wa shule akishakubali, mtoto hupewa kibali, na mlinzi huandika getini saa ya kutoka na jina la aliyemchukua. Mazishi yakisogezwa mbele, mzazi apige simu kabla ya Jumapili jioni, kwa sababu majina yakiitwa na kitanda kikawa kitupu, matroni ataanza kumtafuta mtoto.