Kipeperushi cha ORS kwa Mama Aliyesoma Madarasa Machache

Vipeperushi vingi kuhusu kuharisha kwa watoto vina sentensi ya namna hii: "Mchanganyiko wa chumvichumvi uandaliwe kwa kuyeyushwa katika lita moja ya maji safi na salama, utumike ndani ya saa 24, na mtoto apewe kiasi kinacholingana na umri wake sambamba na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14." Kitaalamu haina kosa. Lakini mama aliyeishia darasa la nne akifika katikati amekwisha kusahau mwanzo, na hakuna mahali alipoambiwa yeye afanye nini. Nani anaandaa? Kiasi gani kinalingana na umri gani?

Kabla ya kugusa maneno, chukua pakiti ya ORS, yaani huo unga wa chumvichumvi, inayogawiwa pale kipeperushi kitakapotumika, uigeuze usome. Zipo pakiti za lita moja na zipo za nusu lita. Kipeperushi kikisema lita moja na pakiti ni ya nusu lita, dawa itakuwa nyepesi mno na haitamsaidia mtoto ipasavyo. Kinyume chake ni hatari zaidi, kwa sababu maji yakiwa machache chumvi inazidi na inaweza kumdhuru.

Kisha orodhesha yale tu ambayo mama atafanya kwa mikono yake, kwa mpangilio atakaoyafanya. Maelezo ya vijidudu vinavyoleta ugonjwa yaachie bango la ukutani. Kwa pakiti ya lita moja, sentensi ile inakuwa hivi:

"Nawa mikono kwa sabuni. Pima lita moja ya maji ya kunywa. Chupa mbili za maji za nusu lita ni sawa na lita moja. Mimina unga wote wa pakiti moja. Koroga mpaka unga usionekane. Kila mara mtoto akiharisha, mpe maji haya kidogo kidogo. Kama hajafika miaka 2, mpe robo kikombe mpaka nusu kikombe. Kama amefika miaka 2 au zaidi, mpe nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Ukichanganya leo asubuhi, kesho asubuhi mwaga yaliyobaki, changanya mengine."

Maandishi yameongezeka, na ndivyo inavyopaswa. Kurahisisha si kufupisha. "Unga wote" umewekwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaotumia nusu ili nyingine ibaki akiba, halafu wanakisia maji. "Saa 24" imeondoka kwa sababu inamlazimisha msomaji kupiga hesabu, ilhali asubuhi hadi asubuhi anaijua.

Zinki inahitaji sentensi moja ya sababu. Mama huacha kumpa mtoto kidonge mara tu kuharisha kunapokoma, na kwa akili ya kawaida ana haki. Basi aambiwe: "Mpe kila siku kwa siku 10, hata akiacha kuharisha. Zinki inasaidia kumkinga asiharishe tena miezi miwili au mitatu ijayo." Nusu kidonge cha miligramu 20 ni kwa mtoto ambaye hajafika miezi 6, kizima ni kwa aliyefika. "Siku 10 hadi 14" humwacha mama akijiuliza achague ipi, kwa hiyo daktari msimamizi achague namba moja inayolingana na vidonge vinavyogawiwa.

Usipime ugumu kwa kuhesabu silabi, kama zinavyofanya kanuni zilizotungwa kwa Kiingereza. "Anapoharisha" ina silabi sita na kila mzazi anaielewa. "Zinki" ina mbili, na wengi hawajawahi kuisikia. Kinachochosha msomaji wa Kiswahili ni vitendo vilivyogeuzwa majina ("uandaaji wa mchanganyiko"), vitenzi visivyo na mtendaji, na "ambao" zinazofuatana.

Jaribio la kweli ni la mikono. Kaa na akina mama watano au sita, mmoja mmoja. Mezani weka pakiti, kikombe, kijiko na chupa za ukubwa tofauti. Nyumba nyingi husomewa na mtoto wa shule, hivyo mwombe mwanafunzi wa darasa la nne asome kwa sauti. Anapojikwaa, sentensi hiyo ikatwe. Usimwulize mama "Umeelewa?", maana kwa heshima atajibu ndiyo. Mwambie: "Mama, hebu tuonyeshe utakavyochanganya nyumbani." Angalia anachagua chupa ipi, anamimina unga kiasi gani. Wawili wakikosea mahali pamoja, kosa ni la maandishi. Andika upya sehemu hiyo, ijaribu kwa akina mama wengine, kisha rudisha karatasi kwa daktari akague vipimo kabla haijachapwa.