Viwango vya uhasibu vipo kwa ajili ya nani, na kwa nini biashara ndogo ina vyake vyepesi

Watu wengi wakisikia viwango vya uhasibu wanafikiri ni sheria za kujumlisha na kutoa. Hapana, kwenye kujumlisha hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye lini na wapi. Umelipa leo hela ya kitu utakachotumia miaka mitano, sasa hiyo yote ni gharama ya mwaka huu au uiweke kama mali uikate kidogo kidogo? Mteja kasaini leo, kalipa nusu, mzigo anaupata mwezi ujao, hayo mauzo ni ya mwezi gani? Wahasibu wawili waaminifu kabisa, hakuna aliyeiba hata senti, wanaweza kushika risiti zilezile wakatoka na faida mbili tofauti, na kila mmoja ana sababu zake za maana.

Na sio tofauti ndogo. Mwaka 1993 kampuni ya magari ya Daimler-Benz ya Ujerumani iliingiza hisa zake kwenye soko la New York, ya kwanza ya Kijerumani kufanya hivyo. Ili ikubaliwe ilibidi itoe hesabu zake pia kwa sheria za Marekani. Kwa sheria za nyumbani mwaka huo ilikuwa na faida ya maki milioni 615, maki ndo hela ya Ujerumani ya wakati ule. Kwa sheria za Marekani, mwaka uleule, kampuni ileile, ikaonekana ina hasara ya zaidi ya maki bilioni 1.8. Kilichochangia sana ni kwamba sheria za Ujerumani za wakati ule ziliruhusu kampuni kujiwekea akiba kubwa kimyakimya miaka ya neema, ikiziita tahadhari ya madeni yajayo, halafu miaka mibaya inazirudisha na faida inaonekana iko sawa tu. Marekani hiyo hairuhusiwi kirahisi hivyo.

Sasa hapa usikimbilie kusema Wajerumani walikuwa wanadanganya. Uhasibu wao ulijengwa kwa ajili ya benki zilizokopesha, na mkopeshaji anapenda kampuni yenye akiba, isiyogawa hela hovyo. Isitoshe benki zenyewe zilikuwa zinakaa kwenye bodi za kampuni, yaani kama meneja wa benki ana swali anauliza mezani. Wa New York ni mtu amenunua hisa zake chache, hajawahi kuona kiwanda wala kumjua bosi, na kesho anaweza kuziuza. Yeye ana karatasi tu mkononi.

Mi naona hapo ndo maana yote ya viwango ilipo. Vipo kwa sababu anayesoma hesabu hakuwepo wakati zinaandikwa na hana wa kumuuliza, kwa hiyo lazima ajue kabla hajafungua ripoti kwamba neno faida au neno deni limehesabiwa kwa njia inayojulikana, na kwamba kampuni ya pili atakayolinganisha nayo imetumia njia hiyohiyo. Kazi ya kuandika viwango hivyo kimataifa ilianza mwaka 1973 na kamati iliyoundwa London, na tangu 2001 inafanywa na bodi inayoitwa IASB, ambayo viwango vyake vinaitwa IFRS.

Na ukishakubali kwamba kiwango ni kwa ajili ya msomaji, swali la biashara ndogo linajijibu lenyewe karibu. Nani anasoma hesabu za kampuni ya ndugu wawili na wafanyakazi 15? Wenye kampuni wenyewe, benki iliyowakopesha, labda msambazaji anayewapa mzigo kwa mkopo. Hakuna anayeuza wala kununua hisa zao. Benki wakitaka kujua kitu wanapiga simu, wanakuja kuangalia stoo. Kuwataka hawa waandike hesabu za viwango kamili, ambavyo vyote pamoja ni maelfu ya kurasa, ni kuwalipisha kazi ambayo hakuna anayeisubiri. Ndo maana mwezi Julai 2009 IASB walitoa kiwango kimoja kinachojitegemea cha biashara ndogo na za kati, sura 35, kurasa kama 230. Vitu vingine wakaviondoa kabisa, mfano faida kwa kila hisa, maana hisa zenyewe haziko sokoni. Vingine wakavibakisha ila kwa njia rahisi.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni kodi ya jengo, namaanisha ile ya kupanga na sio ya serikali, nitaufuata mpaka mwisho.

Chukua kampuni imekodi ghala kwa miaka 5, inalipa milioni 12 kila mwisho wa mwaka, na ikienda kukopa benki inapewa kwa riba ya asilimia 10. Kwenye kiwango chepesi kazi ni fupi mno, kila mwaka gharama ya kodi ni milioni 12, basi. Kwenye maelezo ya mwisho wa hesabu unaandika tu kwamba tumejifunga kulipa kiasi hiki ndani ya mwaka mmoja na kiasi hiki miaka inayofuata, ili benki isije ikashtuka baadaye.

Kampuni iliyo kwenye soko la hisa inafuata IFRS 16, iliyoanza kutumika 2019, na hiyo inasema ukisaini mkataba wa miaka 5 umeshachukua deni, liandike. Kwa hiyo unachukua malipo yote matano unayarudisha kwenye thamani ya leo kwa ile riba ya asilimia 10, unapata kama milioni 45.5. Unaandika deni la milioni 45.5, na upande wa pili unaandika mali ya kiasi hichohicho, ambayo ni haki yako ya kutumia ghala. Mwaka wa kwanza unaweka uchakavu wa mali hiyo, yaani 45.5 uigawe kwa miaka 5, milioni 9.1, na riba ya deni, milioni 4.55, jumla gharama ni milioni 13.65. Mwaka wa tano riba imeshuka kwa sababu deni limebaki dogo, inakuwa milioni 1.09, jumla milioni 10.19. Ukijumlisha miaka yote mitano unapata milioni 60, sawasawa na 12 mara 5. Yaani hela iliyotoka mfukoni ni ileile, kilichobadilika ni mwaka gani unaonekana mbaya, na kikubwa zaidi ni lile deni. Kama kampuni ilikuwa na mkopo wa milioni 10 tu, sasa inaonekana ina madeni ya milioni 55.5.

Kwa kampuni kubwa hiyo ni habari nzito. Fikiria mashirika ya ndege, mengi yalikuwa yamekodi ndege kwa miaka mingi na madeni hayo hayakuonekana kwenye mizania, yaani ile karatasi ya mali na madeni ya kampuni. David Tweedie, mwenyekiti wa kwanza wa IASB, alikuwa akisema anatamani kabla hajafa apande ndege ambayo kweli iko kwenye mizania ya shirika lenyewe. Mwenye hisa hawezi kwenda kuomba mikataba ya ndege aisome, akiona mizania safi anaamini ni safi.

Ila angalia kazi inayokuja nayo. Ile asilimia 10 mimi nimekupa bure, kwenye maisha halisi lazima uitafute na uitetee mbele ya odita. Mkataba una kipengele cha kuongeza miaka 3? Lazima uamue kama una uhakika wa kutosha kwamba utaongeza, maana jibu linabadilisha deni lote. Kodi imepanda kufuata mfumuko wa bei? Piga hesabu upya. Kampuni yenye mikataba 400 ina kitengo na programu ya kompyuta ya kazi hiyo, kampuni ya ndugu wawili ina mhasibu mmoja anayekuja Jumamosi. Toleo la tatu la kiwango chepesi lilitoka Februari 2025, linaanza kutumika 1 Januari 2027, na pamoja na mabadiliko mengi kodi wameiacha kwa njia ya zamani, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Lakini hapa watu wanakosea sana, nimeona mara nyingi kwenye hesabu ninazoletewa. Wanasikia kiwango chepesi wanadhani kila kinachoitwa kukodi kinaandikwa kama gharama tu. Sio hivyo. Mashine uliyoichukua kwa mkataba kwamba ukimaliza malipo inakuwa yako, au mkataba unaokula karibu maisha yote ya mashine, huko sio kukodi, ni kununua kwa mkopo, na hata kiwango chepesi kinataka uandike mali na deni. Usisome kichwa cha mkataba, soma nani anabeba hasara mashine ikifa na nani anabaki nayo mwisho.

Kosa lingine ni kuchagua chagua, mtu anatumia kiwango chepesi kwenye kodi halafu kwenye riba ya mkopo wa kujengea ofisi anaruka kwenye viwango kamili, kwa sababu kule riba ya kipindi cha ujenzi inaingia kwenye thamani ya jengo na faida ya mwaka inapendeza, wakati kiwango chepesi kinasema riba ni gharama ya mwaka huohuo. Huwezi. Ukiandika kwamba hesabu zimefuata kiwango fulani maana yake umekifuata chote.

Na nani hasa anaruhusiwa? Wengi wanajibu kwa ukubwa, wafanyakazi wangapi, mauzo kiasi gani. Nchi inaweza kuweka mipaka yake ya hivyo, ila kiwango chenyewe hakiulizi ukubwa, kinauliza kama unawajibika kwa umma. Hisa au hati zako za mkopo ziko sokoni, au zinakaribia kuingizwa? Hupiti. Unashika hela za watu wengi wa nje kama kazi yako kuu, kama benki au bima? Hupiti, hata kama una ofisi moja na wafanyakazi sita. Wakati huohuo kampuni ya familia yenye viwanda vitatu na hakuna hisa sokoni, inapita.

Kampuni ikikua ikataka kuingia soko la hisa inahamia viwango kamili, na haihami kuanzia leo tu, inabidi iandike upya na hesabu za mwaka uliopita ili msomaji alinganishe mwaka kwa mwaka. Ile mikataba ya kodi iliyokuwa inaandikwa kwa mstari mmoja sasa inatolewa kwenye mafaili mmoja mmoja na kupigiwa hesabu ya deni. Kwa hiyo kama unajua unaelekea huko, tunza mikataba yako yote yenye tarehe, kiasi na vipengele vya kuongeza muda, kwa sababu mwaka wa kuhama odita ataiomba yote.